Stoki Ikikubali Yenyewe, Rudi Ukahesabu

Karatasi ya kwanza ya stoki niliyopewa niikague ilikuwa safi mno. Bidhaa arobaini na moja, mistari arobaini na moja, na kila mstari ulikubali. Nilishika kikokotoo nikapiga hesabu kuanzia juu hadi chini, sikukuta hata pakiti moja iliyopotea. Nikamrudishia kijana aliyeiandika huku nikimsifu. Wakati naondoka nikamuuliza anapataje mauzo ya kila bidhaa, maana pale dukani sikuona daftari la mauzo. Akanijibu bila kusita: "Jioni nahesabu kilichobaki, nakitoa kwenye jumla, kinachopatikana ndiyo mauzo."

Nilirudi nikakaa. Kijana hakuwa na hila yoyote, alifanya kama alivyofundishwa na aliyemtangulia. Lakini karatasi ile isingeweza kukataa hata kama nusu ya duka ingebebwa usiku. Sabuni kumi zikiibwa, kilichobaki kinapungua kwa kumi, na mauzo ya kwenye karatasi yanaongezeka kwa kumi. Mstari unakubali, na sabuni zilizoibwa zinaandikwa kuwa zimeuzwa.

Kanuni yenyewe kila muuza duka anaijua, hata asiyewahi kuiona imeandikwa. Chukua stoki ya mwanzo, jumlisha manunuzi, toa mauzo, upate stoki ya mwisho. Ulikuwa na kumi, ukaleta ishirini, ukauza kumi na tano, lazima ubaki na kumi na tano. Ni hesabu ya darasa la pili. Ugumu uko kwenye kujua kila namba imetoka wapi. Zina namba nne, na mwenye tatu anaweza kuipata ya nne akiwa amekaa kitini. Namba iliyozaliwa na zile tatu haina uwezo wa kuzipinga. Ili karatasi iwe ushahidi, kila namba lazima iwe na chimbuko lake: stoki ya mwanzo itoke kwenye hesabu ya mikono ya juma lililopita, manunuzi yatoke kwenye ankara na hati za kupokelea mzigo, mauzo yatoke kwenye risiti au daftari linaloandikwa kila kinapouzwa kitu, na stoki ya mwisho itoke rafuni, kwa kidole na macho.

Kwa hiyo siku hizi nikipewa karatasi, kabla ya kugusa kikokotoo nauliza safu kwa safu: hii umeipata wapi? Mara nyingi safu moja kati ya nne haina jibu. Kwenye maduka madogo inayokosa jibu huwa ni mauzo. Kwenye stoo kubwa huwa ni stoki ya mwisho, kwa sababu kuhesabu kunachosha na kikokotoo kiko mfukoni.

Nitaeleza kazi nzima kwa duka moja la vyakula na sabuni hapa Morogoro, linalouza rejareja na kidogo kwa jumla. Mwenye duka ni mama wa makamo, na anayeuza ni binti aliyekaa naye mwaka wa tatu sasa. Stoki inahesabiwa kila Jumamosi usiku. Nachagua juma moja ambalo mistari saba ilituweka hadi karibu saa sita, kwa sababu ndani ya mistari ile saba mna karibu kila kosa ninalokutana nalo.

Kwanza hesabu yenyewe ilivyofanyika. Mlango unafungwa, hakuna mteja anayeongezewa hata kiberiti, na mzigo wowote ulioshushwa siku ile unaandikwa kwanza ndipo hesabu inaanza. Mzigo ukiingia katikati ya kuhesabu, umehesabiwa rafuni lakini haumo kwenye manunuzi, na utapata ziada ya uongo. Binti anahesabu kwa sauti, mimi naandika kwenye karatasi tupu yenye majina ya bidhaa tu. Simwonyeshi namba inayotarajiwa. Hili nalisisitiza kwa kila mwenye duka: mtu akijua kwamba kitabu kinataka 43, jicho lake litaacha kutafuta likifika 43. Akifika 39 atarudia hadi apate nne nyingine, na akifika 46 atajiambia amekosea.

Kila bidhaa ina makazi zaidi ya moja. Tambi ziko rafuni, ziko chini ya kaunta, na ziko stoo juu ya mifuko ya unga. Tunapita sehemu moja hadi nyingine na chaki mkononi, katoni iliyohesabiwa inapigwa alama. Katoni iliyofungwa inanyanyuliwa, haihesabiwi kwa macho. Katoni tupu iliyofungwa vizuri kwa gundi na kusukumwa nyuma ya nyingine nimeikuta zaidi ya mara moja, na uzito wake ndio uliosema.

Baada ya hapo ndipo karatasi tupu inakutana na kitabu. Mama ana simu yenye programu ya jedwali, na nimemwekea safu tano: A ni jina la bidhaa, B stoki ya mwanzo, C manunuzi, D mauzo, E iliyohesabiwa. Safu ya F ndiyo inayotoa tofauti:

```
=B2+C2-D2-E2
```

Jibu likiwa sifuri, mstari umekubali. Likiwa namba ya kawaida, hiyo ni shoti, yaani kitabu kinadai zaidi ya kilichopo. Likiwa na alama ya kutoa mbele yake, hiyo ni ziada. Ninachomwomba mama asifanye kamwe ni kuweka fomula kwenye safu ya E. Safu ile inaandikwa kwa vidole, kutoka kwenye karatasi ya kuhesabia, basi. Fomula ikiingia pale tunarudi kwa yule kijana wa mwanzo.

Kabla ya tofauti tunakagua jambo moja ambalo wengi hulipita: stoki ya mwanzo ya juma hili iwe ile ile iliyohesabiwa mwisho wa juma lililopita. Tunalaza karatasi mbili sambamba, kidole kwenye safu ya mwisho ya ile, kidole kwenye safu ya mwanzo ya hii. Aliyepoteza vitu vitatu juma hili anaweza kuupatanisha mstari kwa kupunguza tatu kwenye mwanzo, na ndani ya karatasi moja hutaliona. Utaliona tu ukizipanga mbili. Juma lile zote zilifanana, tukaendelea.

Mstari wa tambi ndio uliotushtua kwanza. Stoki ya mwanzo pakiti 34, manunuzi 3, mauzo 51, na tumehesabu 43. Ukipiga hesabu, 34 jumlisha 3 toa 51, unapata kumi na nne chini ya sifuri. Rafu haiwezi kubaki na pakiti pungufu ya hakuna. Stoki ya mwisho ikitoka chini ya sifuri, usimtafute mwizi, tafuta mzigo ulioingia bila kuandikwa sawasawa. Hapa ule 3 ulikuwa katoni tatu, wakati safu nyingine zote zilikuwa kwa pakiti. Katoni ile ina pakiti 20, kwa hiyo manunuzi ni 60. Sasa 34 jumlisha 60 toa 51 ni 43, na rafuni tulikuwa na 43. Mstari umekubali bila mtu kulaumiwa. Tangu siku ile kila jina la bidhaa kwenye karatasi ya mama limeandikiwa kipimo chake kando: tambi, pakiti, viberiti, kimoja kimoja, sukari, kilo. Kosa la kipimo lina alama yake: tofauti huwa ni ile idadi ya ndani ya katoni ikizidishwa na katoni, ukiondoa katoni zenyewe. Hapa 60 toa 3 ni 57, na kati ya kumi na nne chini ya sifuri na 43 pana 57 kamili.

Viberiti vilikuwa na mwanzo 48, bando tano zilizoingia ni 50, mauzo 35. Inatakiwa 63. Kwenye jedwali binti alikuwa ameandika 36. Shoti ya viberiti 27 ni kubwa kwa bidhaa ambayo haina mteja wa kuiba nyingi kiasi hicho. Nikagawanya 27 kwa 9, ikatoka tatu bila baki. Tarakimu mbili zikigeuzana nafasi, 63 ikawa 36 au 81 ikawa 18, tofauti yake lazima igawanyike kwa 9, na jibu la kugawanya ndilo pengo kati ya tarakimu zenyewe: sita toa tatu ni tatu. Wahasibu wanaitumia mbinu hii tangu enzi za madaftari ya wino. Haithibitishi kosa, kwani mtu anaweza kweli kupoteza vitu tisa, lakini inakwambia pa kuangalia kwanza. Tukaangalia karatasi ya kuhesabia: imeandikwa 63, kwa mwandiko wangu. Wakati wa kuingiza kwenye simu ndipo zilipogeuka.

Maziwa ya unga ya mkebe yalileta shoti ya 12. Mwanzo 30, yaliyoandikwa kununuliwa 30, mauzo 20, inatakiwa 40, tumehesabu 28. Kumi na mbili haikufanana na mauzo ya siku yoyote wala na katoni. Katika hali kama hii nagawanya tofauti kwa mbili. Nusu ya 12 ni 6, basi natafuta mahali popote juma hilo palipoandikwa mikebe sita. Tukaikuta kwenye hati: mikebe 24 imepokelewa, na mikebe sita iliyobonyea imerudishwa kwa msambazaji. Binti aliona karatasi ya msambazaji, akaona 24 na 6, akajumlisha akapata 30. Kilichotakiwa kutolewa kimeongezwa, na kosa la namna hiyo daima huzaa tofauti mara mbili ya namba yenyewe. Kwa usahihi ni 30 jumlisha 24 toa 6 toa 20, yaani 28. Imekubali.

Sasa tukaja kwenye majani ya chai, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo karatasi inapoweza kumdhulumu mtu. Majani ya gramu 50 yalikuwa na mwanzo 62, hakukununuliwa kitu, mauzo 27, inatakiwa 35, tumehesabu 47. Ziada 12. Majani ya gramu 100 yalikuwa na mwanzo 40, manunuzi 24, mauzo 19, inatakiwa 45, tumehesabu 33. Shoti 12.

Mtu anayejumlisha tofauti zote mwishoni mwa karatasi angepata sifuri na kwenda kulala. Ndiyo sababu hesabu ya stoki hufanywa bidhaa kwa bidhaa, na ndiyo sababu sipendi karatasi zenye jumla moja ya vitu vyote chini yake. Ziada ya hapa inafunika shoti ya pale. Tena pakiti moja ya gramu 100 haina thamani sawa na moja ya gramu 50. Kwa bei za duka lile ya pili ni shilingi 1,000 na ya kwanza ni 1,900. Sifuri ile ya pakiti ilikuwa imebeba shilingi 10,800 ndani yake.

Ziada na shoti zilizolingana, kwenye bidhaa mbili zinazofanana jina na kutofautiana saizi, maana yake ni kwamba mahali fulani moja imechukuliwa kuwa nyingine. Lakini wapi? Namba za stoki peke yake haziwezi kusema. Inawezekana binti aliuza pakiti 12 za gramu 100, akapokea bei yake halali, na kwenye daftari akaandika za gramu 50. Inawezekana aliziuza kwa bei ya ndogo kwa kutoangalia. Inawezekana pia hakukosea kuuza chochote, na waliokosea ni walioleta mzigo. Na wapo wanaouza kubwa, wakaandika ndogo, na kilichozidi kikaishia mfukoni. Hadithi zote nne zinaacha alama moja ile ile rafuni.

Kinachozitenga ni fedha. Tulichukua mauzo yote ya juma yaliyoandikwa, tukazidisha kila bidhaa kwa bei yake, tukaweka kando na fedha: zilizomo kwenye droo, zilizoingia kwa lipa namba, zilizopelekwa benki, na matumizi yaliyolipwa kutoka droo yenye maandishi. Kama binti angepokea bei ya gramu 100 na kuandika gramu 50, fedha zingezidi kwa zile 10,800. Hazikuzidi. Zilikaa sawa. Hapo hadithi ya kwanza ikafa, zikabaki tatu, na kati ya hizo mbili zinamgusa binti.

Niliona uso wake. Alikuwa amesimama kando ya mizani, mikono imeshika kitambaa cha kufutia kaunta, akakikunja na kukikunjua. "Kaka, mimi majani makubwa juma hili nimeuza machache, nakumbuka," akasema. Mama akamwambia, "Tulia mwanangu, bado tunatafuta."

Tukarudi stoo. Majani ya chai huja kwa dazeni, pakiti 12 zimefungwa pamoja kwa nailoni. Karatasi ya juma lililopita ilikuwa na neno dogo ambalo mama mwenyewe aliliandika kando ya majani ya gramu 50: "zote rafuni". Maana yake hapakuwa na dazeni iliyofungwa ya saizi ile. Na juma hili hakukununuliwa hata moja. Lakini nyuma ya katoni za tambi palikuwa na dazeni moja ya gramu 50, nailoni yake haijachanwa. Isingeweza kutoka popote isipokuwa kwenye mzigo wa juma lile. Ankara ilisema dazeni mbili za gramu 100. Msambazaji aliteremsha moja ya 100 na moja ya 50, rangi za pakiti zinafanana, na aliyepokea alihesabu vifurushi viwili akatia saini. Aliyepokea siku ile alikuwa mama.

Msambazaji alikuja Jumatatu akabadilisha dazeni ile. Kabla ya hapo tulirekebisha karatasi ifuate kilichopo dukani: manunuzi ya gramu 100 yakawa 12, ya gramu 50 yakawa 12, na mistari yote miwili ikakubali kwa 33 na 47. Tangu usiku ule mzigo wa duka lile unapokewa kwa kusoma maandishi ya kila kifurushi.

Sukari haikukubali, na wala sikutaka ikubali. Mwanzo ilikuwa kilo 118, ikaingia mifuko minne ya kilo 50, zikauzwa kilo 236. Inatakiwa 82, mizani ikasema 79 na nusu. Shoti ya kilo mbili na nusu. Bidhaa ya kupima haiwezi kukaa sawa na bidhaa ya kuhesabu. Muuzaji anayepima kilo moja anasubiri mshale uvuke kidogo ndipo mteja aridhike. Gramu kumi tu kwa kila kilo, kwenye kilo 236, ni karibu kilo mbili na robo na zaidi. Jumlisha iliyomwagika kwenye kijiko na iliyobaki kwenye mishono ya mfuko, kilo mbili na nusu ina maelezo.

Lakini maelezo yasigeuke kuwa kichaka. Namna ya kujua kiasi halali cha duka lako ni kupima mwenyewe: chukua mfuko mmoja, upime mzima kabla ya kuufungua, kwa sababu mfuko ulioandikwa 50 unaweza kufika pungufu, kisha fuatilia kilo zinazoandikwa kuuzwa hadi mfuko uishe. Mama alifanya hivyo kwa mifuko mitatu, kila mara pakapungua karibu nusu kilo. Kwa mauzo ya kilo 236 alitegemea shoti ya kilo mbili hadi tatu. Ikifika sita, anauliza. Na ikiwa sifuri pia anauliza. Mstari wa sukari, mchele au mafuta ya kupima usio na tofauti hata ya gramu kwa majuma sita mfululizo unasema kwamba hakuna aliyepima. Mtu amechukua namba inayotakiwa akaihamishia kwenye safu ya iliyohesabiwa. Nikitaka kujua haraka kama karatasi ya duka nisilolijua ni ya kweli, naenda moja kwa moja kwenye bidhaa za kupima. Tofauti ndogo ndogo pale hunipa imani na mistari mingine yote.

Ukabaki mstari wa sabuni za mche. Mwanzo 46, katoni tano za miche kumi kumi, yaani 50, mauzo 58. Inatakiwa 38, tumehesabu 31. Shoti saba. Saba haigawanyiki kwa tisa, haina nusu kamili, si idadi ya katoni, na hakuna sabuni nyingine yenye ziada ya saba. Tofauti isiyo na umbo ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi ni mkusanyiko wa vijisababu kadhaa.

Tulihesabu upya, bado 31. Tukafungua daftari la madeni. Jirani anayefua nguo za watu alichukua miche mitatu Jumatano kwa mkopo, deni limeandikwa kwenye daftari lake lakini halikuingizwa kwenye mauzo, kwani binti alisubiri alipwe ndipo aandike. Kwa stoki, kitu kimeuzwa kinapotoka mlangoni, fedha ije leo au mwezi ujao. Zimebaki nne. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbili nilichukua mimi nyumbani, Alhamisi, wageni walipokuja." Mwenye mali akichukua chake halipi, lakini karatasi haimjui mwenye mali. Inajua kilichoingia na kilichotoka. Nikamwongezea safu moja, kati ya mauzo na iliyohesabiwa, ya vilivyotoka bila kuuzwa: vya nyumbani, vilivyovunjika, vilivyoharibika, vya sadaka. Fomula ikaongezwa kutoa kwa safu hiyo pia.

Ikabaki miche miwili isiyo na maelezo. Hapa ndipo katika maduka mengi mshahara wa muuzaji hukatwa usiku ule ule, na kwa shoti nzima ya saba wala si mbili. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kufanya hivyo kwa kukadiria. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri awe amemwandikia sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa, ampe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Namna kilivyokokotolewa: hayo ndiyo maneno ninayowasomea wenye maduka. Ukitaka kumkata mtu kwa shoti ya miche saba, uwe na karatasi inayoonyesha saba zimetoka wapi. Na ukiifuata karatasi kwa uaminifu, utakuta tatu ziko kwa jirani na mbili ziko bafuni kwako.

Kuna hasara moja ambayo hata karatasi hii yenye namba nne za kweli haiioni, na ni haki msomaji aijue. Muuzaji asiye mwaminifu anaweza kununua sabuni zake mwenyewe kwa bei ya jumla, akaziweka kwenye kaunta yako, akauza zake kabla ya zako. Mzigo wake haujaandikwa ulipoingia, mauzo yake hayajaandikwa ulipotoka, na rafu yako iko kamili. Kila mstari utakubali, fedha zitakubali, na wewe utakuwa umelipa kodi ya pango, umeme na mshahara kwa ajili ya biashara ya mtu mwingine. Dalili yake iko kwenye mwendo wa majuma: bidhaa iliyokuwa ikitoka miche 58 inaanza kutoka 40, kisha 30, wakati wateja wanaonunua ni wale wale na hakuna duka jipya mtaani. Kwa hiyo karatasi za zamani zisitupwe. Mama anazifunga kwa uzi, mwezi kwa mwezi, na kila mwisho wa mwezi anaipitia safu ya mauzo ya bidhaa kumi zinazotoka sana, moja baada ya nyingine, akitazama mwendo tu.

Ilikuwa imebaki dakika chache kufika saa sita. Mama alichukua kalamu, akaandika kando ya mstari wa sabuni: "Miche 2, haijulikani." Binti akauliza kama aanze juma jipya na 33, ile namba ya kitabu, ili ile miwili ikionekana iwe na pa kurudi. Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia binti aandike ile aliyoihesabu kwa mkono wake. Akaandika 31, tukatia saini wote watatu, taa ya stoo ikazimwa.